Mkono Unaopokea na Mkono Unaothibitisha

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya ghala la mbolea



Katibu aliniandikia barua akinitaka niseme machache juu ya ghala la mbolea ambalo Chama kimeazimia kulifungua kabla ya mvua za Machi. Nimelisoma azimio la Kamati mara mbili, na karibu yote yaliyomo nayaunga mkono. Lakini ndani yake mna sentensi moja ambayo ndiyo iliyonifanya nipande basi asubuhi ya leo. Yasema kwamba ataajiriwa kijana mmoja mwaminifu, naye ndiye atakayepokea mali, kuitunza, kuandika leja, na kuithibitisha leja hiyo kila mwisho wa mwezi. Naomba ruhusa ya wazee niipinge sentensi hiyo. Simshuku kijana huyo, maana hata hajachaguliwa bado. Naipinga kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa kijana huyo.

Kila mmoja wetu amekua akiliona ghala la nyumbani. Mama aliyaingiza mahindi, naye ndiye aliyeyatoa, tena ndiye aliyejua ni mangapi yaliyobaki hadi mavuno mengine. Hakuna aliyemdai hati wala sahihi. Wala halikuwa kosa, kwa maana mali ile ilikuwa ya nyumba yake, na kama ingepunguka, njaa ingekuwa yake na ya watoto wake. Ghala la chama si hivyo. Wenye mali hawapo mlangoni. Wamo mashambani mwao wakilima. Aliyepo mlangoni ni mtu aliyeajiriwa, na habari zote za mali hiyo zitatufikia kwa njia ya karatasi tu. Basi swali kubwa la ghala la chama ni hili: karatasi hiyo ni shahidi wa nani?

Tazameni jinsi tulivyozoea kwenye viwanda vya kahawa. Watu wa Meru na Embu, pamoja na watu wa Kisii, walikuwa wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na tangu vyama vya ushirika vilipoanzishwa tumeijua mizani. Karani anapopima kahawa mbivu, mkulima amesimama hapo hapo, jicho lake liko kwenye mshale, na haondoki bila risiti yake. Karani akiandika kilo 40 badala ya 45, ugomvi utaanza kabla wino haujakauka. Kwa hiyo kazi ya kupokea kahawa ina mashahidi wawili tangu mwanzo, nao hawana faida iliyo sawa. Lakini lori la mbolea linapofika, hakuna mkulima anayesimama kando ya mizani. Yupo dereva, yupo turniboi, na yupo mtunza ghala. Mwenye mali hana mtu. Haya niliyokuja kuyasema ni njia ya kumtafutia mwenye mali shahidi wake mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kusimama.

Sasa nitawaeleza yaliyonipata. Jina la chama sitalitaja, kwa kuwa waliokuwa wakikiongoza hawakuwa watu wabaya. Kilikuwa chama cha wakulima katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, nami nilikuwa nimetoka shule si zamani. Nilipewa ufunguo, kitabu cha leja na kalamu. Siku moja tuliambiwa mifuko 200 ya mbolea ya kuotesha inakuja. Lori lilikawia njiani, likafika magizani, na mvua ilikuwa imeanza. Dereva alikuwa na haraka ya kurudi. Vijana wanne walishusha mizigo mbio mbio, wakiirundika popote palipokuwa pakavu, nami nilikuwa nikihesabu huku nikishika taa na kuonyesha mahali pa kuweka. Nilipofika mia na kitu niliitwa mlangoni. Niliporudi niliendelea kwa kukisia. Hati ya mzigo ilisema 200. Nilitia sahihi 200.

Usiku ule ule niliandika 200 kwenye kadi ya ghala, ile inayotundikwa kando ya mali. Kesho yake niliandika 200 katika leja. Mwisho wa mwezi palikuwa na mahali pa sahihi ya mwenye kuthibitisha, nami, kama nilivyoagizwa, nikatia sahihi hapo pia. Mhazini alipoiona leja imethibitishwa, akamlipa mwenye mali fedha za mifuko 200.

Baada ya miezi mitatu Kamati ilikuja kuhesabu. Kwa mujibu wa leja nilikuwa nimewauzia wanachama mifuko 160, kwa hiyo ilipasa ibaki 40. Ilipatikana 28. Mifuko 12 haikuwapo.

Nawaomba, wazee wangu, mlipime jambo hili kama mpimavyo kesi. Mifuko ile huenda haikufika kamwe. Huenda lori lilileta 188 tu. Au ilifika, lakini nikawapa wanachama zaidi ya nilivyoandika, katika zile siku za msongamano mvua ilipokaribia. Au iliibwa usiku na mtu mwingine. Au niliiiba mimi. Mambo manne, na katika chumba kile hapakuwa na karatasi hata moja iliyoweza kuyatenga. Hati ya mzigo ilikuwa na sahihi yangu. Kadi ilikuwa mwandiko wangu. Leja ilikuwa mwandiko wangu. Uthibitisho ulikuwa sahihi yangu. Mashahidi wote wanne walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeshtakiwa. Nilikatwa mshahara hadi deni likaisha, nikaondoka, na mpaka leo sijui mifuko ile ilikwenda wapi. Mama yangu aliniamini. Baadhi ya majirani hawakuniamini. Wala siwalaumu, kwa maana hata mimi sikuwa na la kuwaonyesha.

Katika miaka iliyofuata nilijifunza kazi ya hesabu na ukaguzi, na hapo ndipo nilipofahamu kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika tabia yangu, wala halikuwa katika mvua. Mvua itanyesha tena na dereva atakuwa na haraka tena. Kosa lilikuwa kwamba yule aliyeishika mali ndiye huyo huyo aliyeikubali hesabu ya mali. Leja kazi yake ni moja tu: kuwa habari ya pili, iliyotoka mahali pengine, ili iweze kulinganishwa na kile kilichomo ghalani. Ikiwa habari ile ya pili imetoka katika mkono ule ule, basi si ya pili tena. Ni ile ya kwanza iliyosemwa mara mbili. Nayo kusemwa mara mbili hakuongezi ukweli wake hata kidogo.

Natumaini mwaona sasa kwamba jambo hili lina pande mbili. Mtunza ghala mwovu, akiwa na leja mkononi, ataficha upungufu. Mtunza ghala mwema, akiwa na leja mkononi, hataweza kujitetea siku upungufu utakapotokea. Mpango ule ule wamlinda mwizi na kumwangusha mwaminifu.

Basi tuirudie safari ile ile ya lori, tukiipanga vingine, tuone zile mifuko 12 ingejulikana wapi.

Kwanza, anayeagiza si yule anayepokea. Tuseme Katibu, kwa idhini ya Kamati, anaandika hati ya agizo: mifuko 200 ya kilo 50, aina fulani, bei fulani. Nakala moja inabaki ofisini na nyingine inakwenda kwa muuzaji. Mtunza ghala naye apewe nakala, lakini nakala yake iwe na jambo moja la namna ya peke yake: iwe na aina ya mbolea na siku inayotazamiwa, bali idadi isiandikwe. Wengine huona hili kama ujanja. Si ujanja. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba zinakuja 200, macho yake hutafuta 200, na akichoka ataziona. Mtu asiyeambiwa hana budi kuhesabu.

Pili, namna ya kuhesabu. Mifuko isihesabiwe ikiwa mabegani mwa watu wanaokimbia. Ipangwe kwanza juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, mitano katika kila tabaka, miwili kwa urefu na mitatu kwa upana, na tabaka la juu likigeuzwa ili yashikane. Tabaka kumi ni mifuko 50. Mafungu manne kamili ni 200, na hata mzee asiyejua kusoma ataona kwa jicho kama fungu la nne limepungua. Mifuko 188 ingeonekana hivi: mafungu matatu kamili, na la nne lina tabaka saba na mifuko mitatu juu. Hakuna giza linaloweza kulificha jambo hilo, mradi watu wakubali kupanga kwanza na kuhesabu baadaye. Tena mpangaji asiachiwe kuacha shimo katikati ya rundo, kwa sababu rundo kubwa lenye shimo ndani hudanganya mtu anayehesabu kingo peke yake. Mifuko michache ipimwe kwenye mizani, na iliyoloa au iliyoshonwa upya mdomo iwekwe kando na kuandikwa.

Tatu, kabla lori halijaondoka, mtunza ghala aandike kwenye hati ya mzigo ya dereva kile alichokiona yeye, sio kile kilichopigwa chapa: «Imepokewa 188, imepunguka 12», na dereva naye atie sahihi yake papo hapo. Maneno hayo machache, yakiandikwa dereva angali mlangoni, yana nguvu ya kudai. Yakiandikwa kesho yake, ni malalamiko tu. Kisha aandike hati ya mapokezi katika nakala tatu, moja ibaki ghalani, moja iende kwa mwandishi wa leja, na moja kwa Mhazini. Mjumbe mmoja wa Kamati awepo kama shahidi na aitie sahihi. Akiwa mbali, picha ya hati hiyo itumwe kwake kwa simu usiku ule ule, kabla ya yeyote kupata nafasi ya kufikiri upya.

Nne, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu: mtunza ghala anaandika kadi inayotundikwa kando ya mali, lakini haigusi leja. Leja inakaa ofisini, chini ya mtu mwingine, ambaye naye hana ufunguo wa ghala. Mwandishi wa leja anaandika kutoka kwenye hati ya mapokezi. Kisha Mhazini, ambaye hakupokea wala hakuandika, anaziweka karatasi tatu mezani pamoja: agizo linasema 200, mapokezi yanasema 188, na ankara ya muuzaji inadai fedha za 200. Hazipatani. Halipi zile 12. Anamwandikia muuzaji barua. Kwa bei ya shilingi 2,500 kwa mfuko, ambayo ndiyo Serikali iliyoiweka kwa mbolea ya ruzuku mwaka 2023, mifuko 12 ni shilingi 30,000. Katika mpango wangu wa zamani fedha hizo zilitoka kimya kimya, na mtu mmoja akalipishwa. Katika mpango huu hazikutoka, wala hakuna aliyeitwa mwizi.

Pengine mjumbe atauliza: je, kama mtunza ghala ni mwovu, naye amepatana na dereva, akaandika kwamba amepokea 200 huku 12 zimebaki ndani ya lori? Swali zuri. Siku hiyo ya kwanza karatasi tatu zitapatana na uongo utapita. Lakini sasa mtu huyo ana shida ambayo mimi sikuwa nayo, kwa maana leja iliyoko ofisini inamdai mifuko 12 ambayo hana. Ni lazima ailete, au aifute. Na kuifuta hawezi, kwa kuwa leja haimo mikononi mwake. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini neno la kuthibitisha ni zito kuliko neno la kuandika. Mwenye kuthibitisha ndiye awezaye kufuta.

Nimeona njia tatu ambazo watu huzitumia kufuta wakiwa na mamlaka hayo. Ya kwanza ni kuandika kwamba mali imeharibika. Mbolea ya kukuzia, ile watu waiitayo CAN, hunyonya unyevu wa hewa na kugandamana kama jiwe mfuko ukitoboka, kwa hiyo kisingizio ni chepesi na wakati mwingine ni cha kweli. Ya pili ni kuandika kwamba mali imetolewa kwa wanachama, bila sahihi ya mwanachama yeyote, au kwa jina la mtu aliyehama au aliyekufa. Ya tatu ndiyo ya kimya kuliko zote: baada ya kuhesabu, leja hurekebishwa ilingane na ghala, kwa mstari mmoja usio na maelezo, na mkaguzi ajaye mwisho wa mwaka huona leja na ghala zinapatana kama pacha.

Dawa ya njia hizo zote ni kwamba hakuna mali itakayofutwa wala tarakimu itakayorekebishwa kwa sahihi ya mtunza ghala. Mfuko ulioganda usitupwe. Uwekwe kando mpaka wajumbe wawili wauone kwa macho yao na Kamati iandike katika kumbukumbu zake. Mbolea ikitolewa, mwanachama atie sahihi kwenye hati ya kutolea na apewe nakala, kama vile apewavyo risiti ya kahawa. Na hesabu ya ghala ikipishana na leja, tofauti ile iandikwe kama tofauti, ibaki ikionekana, mpaka Kamati iipatie sababu. Afadhali leja yenye doa lililoelezwa kuliko leja safi isiyosema kweli.

Nimeulizwa mara nyingi mtu wa kawaida atatambuaje kwamba kazi zimechanganywa mahali fulani. Dalili zake si ngumu. Fungueni leja mtazame kama mapokezi, matoleo na uthibitisho vyote ni mwandiko mmoja na kalamu moja. Tazameni kama marekebisho huja siku moja kabla ya hesabu. Tazameni kama ghala halijapata kupunguka wala kuzidi hata mfuko mmoja mwaka mzima. Ghala lenye shughuli nyingi hukosea kidogo mara kwa mara, na hesabu isiyokosea kamwe mara nyingi imeandikwa ili isikosee. Na mtazameni mtunza ghala asiyekubali kwenda likizo. Huenda ni mchapa kazi. Lakini huenda pia anajua kwamba mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake kwa juma mbili, jambo fulani litadai kuelezwa.

Sasa nafika kwenye hoja ya Kamati, nayo ni ya haki. Chama ni kidogo. Hakina fedha za kuajiri watu wanne kwa ghala moja. Kweli kabisa, wala siwaombi mwaajiri. Kazi zinazopaswa kutengana ni nne: kuagiza, kupokea na kutunza, kuandika leja, na kuthibitisha. Katika hizo, moja tu ndiyo yenye kazi ya kila siku, yaani kupokea na kutunza, na huyo mwajirini. Kuagiza ni kazi ya Katibu, naye ataifanya mara chache kwa msimu. Leja yaweza kuandikwa na karani wa ofisi aliyekwisha ajiriwa, kwa saa chache kila Ijumaa. Kuthibitisha ni kazi ya Mhazini, mara moja kwa mwezi. Hakuna mshahara mpya hata mmoja.

Na kama siku nyingine watu watapungua hata hao wasipatikane, yaani karani amehama na hamna mwingine, basi shikeni kamba moja tu msiiachie, hata nyingine zikikatika: aliyepokea asithibitishe. Aandike leja ikibidi, lakini Mhazini aipitie akiwa na hati za mapokezi mkononi, kisha aende ghalani pamoja na mjumbe mmoja aliyechaguliwa kwa zamu, siku ambayo mtunza ghala hakuambiwa, wahesabu aina moja au mbili za mali. Nusu saa yatosha. Wahesabu kwanza wakiandika kwenye karatasi tupu, ndipo wafungue leja. Wakianza na leja, watakuwa kama mimi usiku ule, wakitafuta tarakimu waliyokwisha kuambiwa.

Wala msidhani haya ni mambo ya ofisi kubwa za Nairobi. Wengi wenu mna watoto katika shule za bweni za Meru na Embu, na mahindi na maharagwe wanayokula yapita njia hiyo hiyo. Katika shule za Serikali mali inayopokewa huandikwa katika fomu iitwayo S13, inayotolewa huandikwa katika S11, na leja yenyewe ni S3. Tena Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, katika kifungu cha 48, inataja kamati ya kukagua na kukubali mali, yenye mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili, ambayo kazi yake ni kuangalia kwamba kilicholetwa ndicho kilichoagizwa, kwa idadi na kwa ubora wake. Chama chetu hakifungwi na sheria hiyo, kwa kuwa fedha zetu ni zetu. Lakini mzazi aliye katika bodi ya shule, akishaelewa jambo hili hapa, ataweza kuuliza huko: ni nani aliyehesabu magunia, na ni nani aliyekubali hesabu?

Sitawadanganya kwamba mpango huu hauna mipaka. Mtunza ghala, mwandishi wa leja na Mhazini wakipatana wote watatu, hakuna karatasi itakayowazuia. Hapo litabaki jicho la wanachama, na mkaguzi wa mwaka. Vilevile mpango huu hauponyi ugonjwa wa kutia sahihi bila kutazama. Nimeona vitabu vyenye sahihi tatu kila ukurasa, na mtu aliyeangalia mali ni mmoja tu. Wawili wengine walitia sahihi kwa sababu wa kwanza alikwisha kutia. Hizo si sahihi tatu. Kwa hiyo kila anayetia sahihi aandike kando yake alichokifanya: «nimehesabu», au «nimelinganisha na ankara». Mtu huona haya kuandika kwamba amehesabu ilhali hakuhesabu, na asipoona haya, tutajua siku ya kuulizana tumwulize nini.

Mzee mmoja aliniambia nje, kabla ya mkutano kuanza, kwamba mpango wa namna hii wamtukana kijana, kana kwamba tunamwambia tangu siku ya kwanza kuwa yu mwizi. Nalistahi neno la mzee, na nimelifikiri nikiwa nimeketi hapa. Lakini, mzee wangu, mimi niliaminiwa kabisa. Nilipewa ufunguo, leja na uthibitisho, yote kwa pamoja, na hakuna aliyenitukana siku ile. Tusi lilikuja miezi mitatu baadaye, nami sikuwa na karatasi hata moja ya mkono mwingine ya kunitetea. Kama mtu mwingine angeishika leja ile, na ikasema 188, ningeondoka pale nikiwa na jina langu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba sentensi ile katika azimio ibadilishwe kabla ya kupigiwa kura, isomeke hivi: kwamba Katibu ataagiza; kwamba mtunza ghala atapokea, kutunza na kuandika kadi ya ghala; kwamba karani wa ofisi ataandika leja, naye hatakuwa na ufunguo; kwamba Mhazini atalinganisha hati na kuthibitisha kila mwezi, baada ya kuhesabu pamoja na mjumbe wa zamu; na kwamba hakuna mali itakayofutwa ila kwa azimio la Kamati lililoandikwa. Lori la kwanza linatazamiwa mwezi wa pili. Ni vema kijana huyo, yeyote yule atakayekuwa, akute mambo yamekwisha kupangwa hivyo.